Duara Jeupe Begani

Mimi sina subira na watu wanaoona mashetani kwenye picha. Nasema mapema ili tusije tukasumbuana. Kila mwaka mvua za kwanza zikianguka, atakuja mtu dukani kwangu hapa Kilwa Masoko, kashika simu kwa vidole viwili kama kitu kinachounguza, aniambie, "Mama, hebu tazama, hiki nini?" Natazama. Ni duara. Jeupe, jepesi, linaelea juu ya kichwa cha bibi wa watu. Nami nina jibu lilelile kila mwaka: hilo tone la maji. Manyunyu yamepita karibu mno na lenzi, flashi imeyapiga, lenzi imeshindwa kuyaona sawasawa, ikayavimbisha. Kiangazi huwa vumbi, mvua zikianza huwa manyunyu. Shetani ana kazi zake nyingi, hana haja ya kuja kuhudhuria harusi za watu.

Wananisikiliza kwa adabu, kisha wanakwenda kumuuliza mtu mwingine.

Dawa ya maduara ni kuitenga flashi na kamera. Ukiishika taa mbali kidogo, kwa pembeni, mwanga hauyapigi yale matone yaliyo puani mwa lenzi ukarudi moja kwa moja ndani. Lakini taa ya pembeni inataka mkono wa pili. Kwa miaka mingi mkono huo ulikuwa wa mume wangu. Tulizunguka pwani yote hii, yeye na taa, mimi na kamera, tukigombana kwa kunong'ona mbele za watu. "Juu kidogo." "Ipo juu." "Juu, nimesema." Kisha akaenda Mtwara kwa shughuli zake, na shughuli zake zikamzalia mtoto. Talaka yangu aliileta mdogo wake, akala na chakula cha mchana hapahapa.

Niliwahi kununua mguu wa kusimamishia taa. Upepo ukauangusha, watoto wakaukwaa, nikauweka stoo. Tangu hapo flashi inakaa juu ya kamera, na maduara yanakuja. Nina upweke. Watu hulizunguka neno hilo kama dimbwi. Mimi nalipita katikati. Mchana wote ninatazama nyuso za watu waliopendeza, waliokumbatiana, waliolishana keki, na jioni nafunga mlango naenda kupika wali wa mtu mmoja. Ukitaka kujua ugumu wa upweke, jaribu kupika wali wa mtu mmoja usiungue.

Harusi ninayoikumbuka ilikuwa kijiji cha Tingi, kwa wakulima wa korosho. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshuka mchana, na usiku ule kumbikumbi walitoka ardhini kama walioitwa. Kila taa ya jenereta ilikuwa na wingu lake. Watoto waliweka mabeseni ya maji chini ya taa, wakawa wanawavuna kwa kelele, wengine wakiwala hapohapo wabichi. Na juu ya hao kumbikumbi, manyunyu. Mimi nilikuwa natukana kimoyomoyo tangu mwanzo mpaka mwisho, Mungu anisamehe, maana nilijua kazi inayonisubiri.

Ilipofika zamu ya familia, nilimkalisha bibi harusi kitini mbele ya nyumba, baba yake nikamsimamisha nyuma yake. Baba alivaa kanzu na juu yake koti la rangi ya kijivu iliyokoza. Mama alikuwa pembeni na wanawake wenzake. Nikamwita. Hakusogea. Nikamwita tena kwa sauti ya kikazi, "Mama wa bibi harusi, unatuchelewesha!" Wanawake wakatazamana. Akaja, akasimama nyuma kidogo ya mumewe, ubavuni, bila kumgusa. Nikapiga picha tatu. Hiyo ndiyo kawaida yangu, kila pozi mara tatu kwa kufuatana, naiacha flashi ivute pumzi kidogo kati ya moja na nyingine, kwa sababu moja mtu atapepesa na nyingine mtu atapita. Mama akaondoka kabla sijasema asante.

Sikuwaza kitu. Mtu kukosa raha na kamera ni jambo la kila siku.

Nikawapa picha zao zote, nyingine nimezisafisha, nyingine bado, kama tulivyokubaliana. Muda haukupita mrefu nikasikia yule mama amefariki. Presha, wakasema. Alianguka jikoni asubuhi, hakuzungumza tena, kesho yake akazikwa.

Baada ya arobaini ndipo walipokuja dukani, baba na binti. Nikamwamkia mzee, "Shikamoo, baba," akajibu "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ndogo, akaketi kwenye benchi la kupigia picha za paspoti, macho kwenye sakafu. Binti ndiye aliyezungumza. Akanionyesha simu. Ilikuwa picha ya pili kati ya zile tatu. Kumbikumbi kila mahali, na duara kubwa jeupe limekaa begani kwa baba, limegusa na khanga ya mama.

"Majirani wanasema huyu ni malaika wa mauti," binti akasema. "Kwamba alikuwa ameshasimama pale, anamsubiri mama."

"Astaghfirullah! Hilo tone la mvua, mwanangu."

"Najua, mama. Ila ukishaambiwa, huwezi kuacha kumwona." Akasitasita. "Nikajaribu kumtoa mwenyewe."

Akanionyesha na hiyo. Loo! Kuna hizi programu za simu, unapitisha kidole tu juu ya kitu usichokitaka, chenyewe kinafutika. Duara lilikuwa limeondoka kweli, na bega la mzee limeondoka nalo. Mahali pa bega palikuwa na kitu kama ugali uliomwagikiwa mchuzi. Ukingo wa koti umeyeyuka, maua ya khanga yametiririka ndani ya koti. Kila palipokuwa na kumbikumbi ukutani palikuwa na doa laini la ukungu. Ukuta wa udongo wenye nyufa na alama za vidole vya aliyeukandika, umekuwa ukuta wa hospitali. Sikumlaumu. Programu haijui kilichopo nyuma ya doa, inabahatisha tu kwa kutazama majirani wa doa, na majirani, kama tulivyoona, husema chochote.

"Naiweza," nikasema. "Niachieni."

"Na hawa kumbikumbi uwatoe wote," binti akasema, akatoka kwenda sokoni. Mzee akabaki. Nilidhani amesinzia, kumbe anakusanya maneno.

"Hiyo ndiyo picha pekee tuliyosimama pamoja," akasema. "Niliuza mikorosho yake. Aliyorithi kwa baba yake. Niliuza bila kumwambia, nikidhani nitamrudishia. Toka siku hiyo hakunisemesha. Chakula alipika, maji ya kuoga aliweka, nguo alifua. Neno, hapana. Nilimwomba radhi mbele ya wazee, akanyamaza. Nikamwomba tena pale alipoanguka, lakini alikuwa hasikii." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Sijui kama alinipa radhi, mwanangu. Nitakwenda kaburini sijui. Basi nitazame hata sura yake akiwa karibu yangu. Isiwe na mvurugo."

 Nikamwambia tu picha itakuwa safi. Na usimfikirie vibaya kwa kuja kwangu. Alikuwa anatafuta radhi kila mahali inapoweza kuwa imeangukia.

Kesho yake asubuhi nikafunga mlango nusu, nikafungua faili halisi la kamera kwenye kompyuta. Ile ya kwenye simu haifai kwa kazi hii. Ikishasafiri simu hadi simu inakuwa imebanwa, na kilichofifia hutupwa kwanza. Nikatengeneza tabaka jipya juu ya picha, kazi yote nikaifanyia huko juu, picha yenyewe chini isiguswe. Hivyo ukikosea unafuta kosa lako, hufuti picha.

Nilianza na kumbikumbi wa angani. Hao rahisi: unachukua kipande cha giza cha jirani, unakibandika juu ya mdudu. Lakini giza la picha ya usiku si jeusi tupu, lina chengachenga zake, na ukibandika giza lililolainika juu ya giza lenye chenga, jicho litaona tu. Kwa hiyo unachukua karibu, kwa brashi ndogo, huburuzi. Wa ukutani wanataka adabu zaidi, maana kila ufa una njia yake, nao lazima uendelee ulikokuwa ukienda. Aliyekaa juu ya ukingo wa kitu, kama kanzu na ukuta, humfuti kwa mpigo mmoja. Unashika upande wa kanzu peke yake, kisha upande wa ukuta peke yake, brashi iwe na makali, la sivyo viwili hivyo vitalowana pamoja.

Mmoja alikuwa amelipita pambo la kichwani kwa bibi harusi. Huyo sikubahatisha. Nyuma ya mdudu hakuna kitu cha kuokoa, ameziba kabisa. Nikaenda kwenye picha ya kwanza, ambako mdudu huyo alikuwa bado hajafika, nikailaza juu ya ile ya pili, nikazipatanisha mpaka pambo likakaa juu ya pambo, nikabakiza kipande hicho tu. Ndiyo faida ya kupiga mara tatu. Watu husimama, wadudu husafiri.

Duara ni jambo jingine. Duara huliponyi kwa kiraka. Tofauti na mdudu, duara halijaziba kitu. Limeongeza mwanga tu juu ya kilichopo, kama pazia la nailoni dirishani. Ilimradi halijawa jeupe la kupofua, kila kitu cha nyuma bado kipo, kimefifia. Ukibandika kiraka unakizika. Inabidi uushushe ule mwanga wa ziada taratibu, kisha uachanishe tena weusi na weupe mpaka vifanane na vya nje ya duara. Ukingo wake unaufanyia kazi peke yake, kwa kuwa huwa mkali kuliko katikati. Na ule ubuluu kidogo unaoachwa na flashi unaupunguza pia. Nikachora mpaka kuzunguka duara, nikaanza kushusha.

Koti la mzee likarudi. Kwanza rangi, halafu mshono wa bega. Nikashusha tena kidogo.

Vikatokea vidole.

Nilivua miwani nikaifuta. Vidole vinne, vimepanda begani kwa mzee kutoka nyuma, hina kwenye ncha. Nikaufuata mkono kwenye khanga: wa mama. Nikapiga kelele peke yangu dukani, "Mwe! Kumbe!" Nikainuka, nikazunguka kiti, nikaketi. Mwanamke asiyesema na mumewe, mkono wake upo begani kwake, na tone la mvua limeuficha.  Nilikuwa tayari kumpigia mzee simu palepale. Namba yake nilikuwa nimeshaitafuta.

Kilichonizuia ni mazoea ya kazi tu. Kabla ya kukabidhi hurudi kwenye zile nyingine mbili nikihakikisha sikuongeza kisichokuwepo. Nikafungua ya kwanza. Pale mwanamke mmoja alikuwa amepita na sinia, amemziba mama uso, lakini bega la mzee lilionekana safi, na juu ya bega, kwenye koti, alikuwa amekaa kumbikumbi. Nikafungua ya tatu. Mama ameshageuka, anaondoka. Mkono haupo. Kumbikumbi hayupo.

Nikarudi kwenye ya pili, nikaikuza. Kati ya kidole cha shahada na ncha ya kidole gumba iliyochungulia chini yake, lilikuwa limechomoza bawa.

Hakuwa amemshika mumewe. Alikuwa anamtoa mdudu.

Sijui kama nitaeleza vizuri hasira niliyoipata. Nilimkasirikia yule kumbikumbi kana kwamba kaja makusudi. Halafu nikaona ubaya wa kazi yangu: nilikuwa nimeagizwa kutoa wadudu wote. Wote. Bawa lile lilikuwa dogo, koti halina maua, ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Ukimtoa huyo, mkono unabaki umempumzikia mzee begani, na mzee anapata radhi yake mpaka kaburini. Nani angejua? Wala isingekuwa uongo wa kuchora, ningekuwa nimefanya nilichoombwa tu.

Nikamtoa. Nikatazama. Ilikuwa nzuri mno, mpaka machozi yakanitoka, na mimi si mtu wa machozi. Mtu akikosewa namna ile na bado mkono wake ukatua hivyo! Nikakumbuka kwamba mimi sijaguswa bega na mtu muda mrefu, ukiacha msusi. Nikalizima tabaka, bawa likarudi. Nikaliwasha, likaondoka. Nilikaa hivyo, nawasha na kuzima, mpaka adhana ya adhuhuri.

Alasiri mzee alikuja peke yake. Nikampa kiti karibu na kompyuta, nikamwonyesha picha safi, bawa likiwa limeondoka. Nakiri nilitaka kwanza nimwone akifurahi, baadaye nitajua la kufanya. Alitazama uso wa mkewe muda mrefu. Kisha akaliona bega.

"Umechora?" akauliza.

"Sijachora, baba. Tazama." Nikamrudishia duara, nikalishusha tena mbele yake, pole pole, mpaka vidole vikatoka mwanga ulipokuwa. Nilirudia mara mbili. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Kumbe alinipa," akasema. "Ya Rabbi. Kumbe alinipa." Na mabega yakaanza kumtikisika.

Wallahi, ningenyamaza pale. Kila kitu mwilini kiliniambia nyamaza. Lakini alikuwa ameuliza kama nimechora, nami nimejibu sijachora, na jibu hilo lilikuwa halijakamilika. Nikamwacha apanguse uso. Nikasema, "Baba, kuna kimoja nimekitoa." Nikalizima tabaka. Nikamwekea picha zote tatu kwa safu, nikamwonyesha kwa kalamu: hapa amekaa, hapa anatolewa, hapa hayupo.

Alikuwa mkulima, macho yake yalizoea kutafuta mdudu kwenye jani. Alielewa kabla sijamaliza.

 Pikipiki zilipita nje, mtu akauza karanga mpaka mwisho wa mtaa. Nilijuta. Nilijiona mwanamke mwenye roho mbaya, ambaye kwa kuwa yeye hana, haoni raha mwenzie akipata.

"Hiyo si radhi," akasema mwishowe.

"Pengine ni—"

"Si radhi, mwanangu. Usinifariji. Hayo ni mazoea." Akaweka kidole chake kwenye kioo, juu ya vile vidole. "Alikuwa hivyo tangu tuoane. Hawezi kuniona na uchafu begani akanyamaza. Uzi, jani, chochote. Hata alipokuwa hasemi nami. Nilikuwa nahisi mtu kanigusa nyuma, nikigeuka kashaondoka. Nikadhani ni nguo tu imenisugua." Akavuta pumzi. "Sasa nikirudi shamba na majani mgongoni, nalala nayo."

 Nilimshika bega. Sijui kama ilifaa, mwanamke mgeni kumshika mtu mzima bega, lakini nilimshika, na hakulisogeza.

"Watoe wadudu wote," akasema akiinuka. "Huyo mmoja mrudishe."

Nikaichapa hivyo, kubwa, nikamtafutia fremu isiyo na maua. Akaifunga kwa khanga, akaenda nayo kifuani.

Siku iliyofuata binti akanipigia, sauti imejaa shukrani. Duara limetoka, ukuta umerudi, nyufa zote zipo, Mungu anibariki. "Ila mama," akasema kwa upole, kama mtu anayeogopa kumkosoa mkubwa, "umesahau mdudu mmoja. Begani kwa baba."

"Sikumsahau," nikamwambia. "Kaa na baba yako, umuulize."

Akashangaa kidogo, akaaga. Nikaweka simu mezani. Nilikuwa na hadithi nzima kifuani, mwanzo wake na mwisho wake, nikageuka kumsimulia mtu, na nyuma yangu palikuwa na benchi la paspoti na pazia la buluu.